Kundi linapopotea: jinsi ya kuendesha safari ya pembesita

Rafiki yangu aliyeanza juzijuzi kuwa mwamuzi wa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika alilalamika kwamba wachezaji wake hawapotei kamwe wanaposafiri katika nchi ya mchezo. Nilipokaa mezani kwake niliona sababu: ramani nzima, iliyogawanywa kwa pembesita, ilikuwa wazi mbele yao, na kete ya kundi la wahusika wao ikisogezwa juu yake. Tulirekebisha hivi.

1. Ramani mbili. Yako ina namba na ni ya siri. Wao wape karatasi tupu, waichore kwa kusikiliza maelezo yako. Tumia penseli. Programu za ramani siziafiki, kwa kuwa hufunua pembesita sahihi hata kundi linapokosea njia.

2. Mwendo. Pembesita moja ni kilomita 10. Kwa siku kundi huvuka pembesita 3 za tambarare, 2 za msitu, au 1 ya kinamasi au mlima.

3. Kupotea. Hapa ndipo nilipoharibu michezo mingi. Kila asubuhi rusha dadu ya pande sita kwa siri: kwenye tambarare kundi hupotea ikitoka 1, msituni 1 au 2, kinamasini 1 hadi 3. Wanaofuata barabara au mto hawapotei. Irushe hata siku ambayo haihitajiki, la sivyo mlio wake utawaambia kila kitu. Wakipotea, rusha tena: 1 hadi 3 wanapinda kushoto, 4 hadi 6 kulia.

Mfano: kundi liko msituni, pembesita 0405, yaani safu wima ya nne, ya tano kutoka juu, linaelekea kaskazini kwenye kilima chenye vichwa viwili kilichoko 0403. Dadu inatoa 2, kisha 3. Wao wanadhani wamefika 0404, kumbe wako 0305. Usiseme "mmepotea". Waeleze mahali walipo kweli: miti inapungua, ardhi inalowa. Wanachora hayo kwenye 0404, na ramani yao sasa ina kosa. Mmoja akipanda mti, mwambie kilima kinaonekana kaskazini mashariki. Kilipaswa kuwa kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo hapo wanagundua wenyewe. Mimi zamani nilieleza pembesita waliyodhani wamo, nikajikuta na mto uliokatika katikati ya nchi, na jioni nzima ikaishia kwenye ubishi. Wakikuuliza wako wapi, jibu kwa wanachokiona tu.

4. Uvumi. Kila uvumi ufunge kwenye pembesita moja, na uwe na alama inayoonekana kwa mbali. "Kuna hazina msituni" haumpeleki mtu popote. "Chini ya kilima chenye vichwa viwili kuna kisima kinachotoa moshi" unawapa njia, na hata kama moshi si wa hazina, kisima kiwepo.

5. Hatari. Rusha dadu kila pembesita mpya. 1 ni kukutana na kiumbe. Anza na dalili: nyayo mbichi, ndege walionyamaza, mzoga ulioliwa nusu. Kisha nyamaza uwaache waamue kusonga, kuzunguka au kurudi. Wakizunguka, wamebadili mwelekeo, nawe unarudi kwenye dadu ya hatua ya tatu.