Somo: Wasomaji wakisema damu za wapenzi wako hazijapatana

Nimeandika somo hili kwa sababu tangu mwaka uanze nimejibu swali lile lile katika miswada ya watu mbalimbali, na kila mara nimelijibu nusu nusu. Swali huja hivi: hadithi yangu ya mapenzi inaeleweka, wahusika wangu wawili wanapendeza kila mmoja kwa upande wake, lakini kila anayesoma ananiambia haoni kwa nini hawa wawili wapendane. Kuanzia leo nitawaelekeza wote hapa.

Mfano nitakaoutumia ni wa mswada wangu mwenyewe. Zuhura ni fundi cherehani mwenye kibanda Ngamiani, Tanga, na Hamadi ni baharia wa jahazi anayemletea nguo za kurekebisha.

Hatua ya 1. Mwombe msomaji akuoneshe kwa kidole mstari alioacha kuamini, kwa sababu maoni ya jumla hayatakusaidia.

Hatua ya 2. Chukua kalamu mbili za rangi. Kwa rangi ya kwanza pigia mstari kila sentensi inayotangaza mapenzi: moyo ulimdunda, aliduwaa, macho yao yaligongana. Kwa rangi ya pili pigia mstari kila tendo au neno ambalo mhusika asingemfanyia mtu mwingine yeyote. Katika mswada wangu wa kwanza sura tatu nzima zilijaa rangi ya kwanza, na rangi ya pili ilionekana mara moja tu.

Hatua ya 3. Mwondoe mmoja wa wapenzi, umweke mtu mwingine mahali pake. Hivi ndivyo nilivyokuwa nimeandika:

"Zuhura alipoinua macho, moyo ulimlipuka. Hakuwahi kuona kijana mtanashati kama yule. Hamadi naye aliduwaa kwa uzuri wa binti yule. 'Karibu,' alisema Zuhura. 'Ahsante,' alijibu Hamadi."

Nilimweka mwalimu wa shule mahali pa Hamadi na mama ntilie mahali pa Zuhura, na hakuna neno lililohitaji kubadilishwa isipokuwa majina. Kifungu kinachoweza kumpokea mtu yeyote hakiwezi kumshawishi msomaji kwamba hawa wawili wamekutana.

Hatua ya 4. Liandike upya tukio lile lile kwa kujiuliza swali moja: huyu anaona nini kwa mwenzake ambacho wengine wote wamepita bila kukiona? Jibu lake litoke katika kazi yake, malezi yake au jeraha lake, kwa maana macho ya fundi cherehani si macho ya baharia. Baada ya majaribio mengi nilifika hapa:

"Zuhura aligeuza shati, akaona kifungo cha tatu kimeshonwa kwa mshipi wa kuvulia, umezungushwa mara nne na kukazwa kwa fundo la mabaharia. Vifungo vingine vyote vilikuwa vimelegea, lakini hicho hakikutikisika.
'Nani alishona hiki?'
'Mimi. Kibaya?'
'Hiki sikigusi,' alisema Zuhura, akakipitishia kidole. 'Nitavishona vilivyobaki vifanane nacho.'"

Hapa hapana moyo uliolipuka, wala hatujui kama Hamadi ni mtanashati. Lakini Hamadi alikuja akitarajia kuchekwa kwa ushonaji wake, na mtu pekee mwenye haki ya kumcheka akauheshimu. Zuhura naye, ambaye wateja humwachia nguo bila hata kumtazama, amempata mtu anayejua uzi unavyopaswa kushika. Jaribu sasa kumweka yule mwalimu mahali pa Hamadi, utaona kwamba tukio zima linaanguka.

Hatua ya 5. Wape jambo la kutoelewana. Hii ndiyo hatua niliyoiharibu mimi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Msomaji wangu mmoja aliniambia wapenzi wangu wamepoa. Mimi nikadhani dawa ya baridi ni ugomvi, nikawagombanisha sura tatu mfululizo. Hamadi alimkejeli Zuhura mbele ya wateja, Zuhura akamfukuza kibandani, kisha ikagundulika kwamba wote wawili walikuwa wamedanganywa na jirani mwenye wivu, wakasameheana. Niliporudisha mswada kwa wasomaji watano, wanne waliniuliza kwa nini Zuhura anamvumilia mwanamume huyu, na wa tano aliacha kusoma kabla ya kufika kwenye msamaha. Ilinichukua muda kuelewa kosa langu. Katika ugomvi ule hakuna aliyejifunza chochote kuhusu mwenzake. Walipiga kelele, msimulizi akaleta maelezo, wakarudi walipokuwa.

Nilizifuta sura zote tatu, nikaweka tukio moja la kurasa mbili. Zuhura amekubaliana na Hamadi shilingi 3,000 kwa kurekebisha mkono wa shati. Hamadi anaacha noti ya 10,000 na kukataa chenji, akiamini kwamba anafanya wema. Zuhura anamfuata hadi barabarani na kumrudishia 7,000 mkononi, akisema, "Kazi yangu ina bei. Sadaka wapelekee wanaoiomba." Wiki mbili baadaye Hamadi anakuja na suruali, anatajiwa 4,000, na anasimama kupatana bei kwa ukali kama yuko sokoni: anaanza na 2,000, anataja ubovu wa mshono wa zamani, anajifanya kuondoka. Zuhura anamjibu hoja kwa hoja mpaka wanakutana kwenye 3,500, na wakati wa kupokea fedha hawezi kuuzuia uso wake usicheke. Hamadi hajaomba radhi kwa maneno. Ameelewa kilichomuumiza na amebadilisha mwenendo wake, na Zuhura ameyaona mabadiliko hayo. Wasomaji wale wale walisema hapo ndipo walipoanza kutaka waoane.

Tahadhari zangu katika hatua hii ni hizi. Usimfanye mmoja aidharau kazi au familia ya mwenzake ukidhani huo ni utani, kwa sababu utani unahitaji watu wawili wanaocheka. Usiumalize ugomvi kwa kufichua uongo wa mtu wa tatu, maana hapo unawanyang'anya wapenzi nafasi ya kuumaliza wenyewe. Na ukiona kwamba ugomvi ungeisha kama mmoja angeuliza swali moja la kawaida, msomaji naye ameshaliona hilo.

Hatua ya 6. Fuatilia namna wanavyoitana. Hamadi alianza na "dada fundi", akaja "fundi" peke yake, na jina "Zuhura" nimeliweka akiba hadi siku ambayo jahazi lake lilichelewa kurudi. Pia tafuta ni wapi kiambishi "tu" kinaingia kwa mara ya kwanza. Mtu aliyezoea kusema "nitakula" akisema "tutakula" bila kukusudia, na mwenzake akanyamaza bila kumsahihisha, umeandika ukurasa mzima kwa silabi moja.

Hatua ya 7. Mpe mswada msomaji mpya, usimuulize kama ameamini. Muulize hivi: Hamadi akichelewa siku tatu, Zuhura atafanya nini? Akijibu "atalia", bado hujamaliza, kwa sababu yeyote angelia. Msomaji wangu wa mwisho alijibu kwamba Zuhura angelimaliza shati lake usiku ule ule na kulitundika mlangoni. Sikuwa nimeliandika hilo popote.

MASWALI YA WANACHAMA

Mshumaa: Sijalisoma somo lote, lakini naomba kujua, wabusiane sura ya ngapi?

Jibu: Hatua zote saba hazitegemei hesabu ya sura. Tafadhali lisome kwanza.

Kalamu ya Pwani: Wasomaji wangu wote ni wanaume na nadhani hawaelewi hadithi za mapenzi. Je, nibadilishe wasomaji badala ya kubadilisha hadithi?

Jibu: Wangapi wamekuambia jambo hilo hilo?

Kalamu ya Pwani: Sita.

Jibu: Watu sita wakisimama penye mstari mmoja, tatizo liko kwenye mstari. Fanya hatua ya 2 kabla ya kuwalaumu.

Nyota ya Kigoma: Hadithi yangu ni ya ndoa ya posa. Wazazi walielewana, na bwana na bibi harusi hawakuwahi kuzungumza hata mara moja kabla ya nikaha. Je, hatua ya 4 inawezekana kwao, au niwatafutie mkutano wa siri kabla ya harusi?

Jibu: Nimefurahi kwa swali hili. Usiwatafutie mkutano wa siri, kwa sababu utaupoteza utajiri ulio nao. Kwa watu waliofunga ndoa bila kujuana, kila jambo la nyumbani ni kitu cha kugunduliwa, na wamefungiwa pamoja wakati wa kukigundua. Chukua mfano huu. Bibi harusi amekulia katika nyumba yenye ndugu wengi ambamo taa haizimwi usiku, naye hawezi kupata usingizi gizani, lakini anaona haya kusema. Mume hawezi kulala penye mwanga. Usiku wa kwanza mume anazima taa na kumsikia mwenzake akigeukageuka hadi alfajiri. Usiku wa tatu anaiacha taa ikiwaka, anajifunga kikoi machoni na kulala bila kusema neno. Mke anamtazama amelala vile, akiwa amejifunga kama mgonjwa wa macho, na anaelewa kwamba alisikilizwa. Angalia tu usiyafanye mapenzi yote yatoke upande wa mume. Ndani ya sura hiyo hiyo mke naye agundue jambo ambalo mume analificha.

Nyota ya Kigoma: Ahsante sana, mwalimu. Nina mandhari ya jikoni kwa mama mkwe ambayo nilikuwa nimeipuuza. Nitaanzia hapo.

Mwana wa Lamu: Naongeza jambo dogo. Katika Kiswahili "a-" ni ya mwanamume na ya mwanamke, na "-m-" vilevile. Ukiandika "Alimtazama, akatabasamu, akamshika mkono", msomaji hajui nani kamshika nani. Nilikuwa naambiwa wapenzi wangu hawana mvuto, kumbe wasomaji walikuwa wakipotea.

Jibu: Hili lilistahili kuwa hatua kamili, na ninakushukuru. Mimi hulitibu kwa kumpa kila mmoja vitu vyake. Nikiandika "Sindano ikasimama hewani", hakuna anayeshuku kwamba ni Zuhura, na silazimiki kurudia jina lake kila sentensi. Hamadi nimempa kofia anayoivua na kuikunja anapokosa la kusema.

Mshumaa: Nimelisoma lote sasa, na naomba radhi. Nimepaka rangi sura ya kwanza na rangi ya pili haipo kabisa. Je, nifute zile sentensi za rangi ya kwanza zote?

Jibu: Umefanya vizuri kurudi. Usizifute zote. Acha moja, uiweke mwisho wa tukio, baada ya tendo. Moyo ukidunda baada ya msomaji kuona kifungo, ataamini kwamba umedunda.

Kalamu ya Pwani: Mstari waliosimama wote sita ni pale mhusika wangu anaposoma jina la kanga aliyovaa msichana, kisha msimulizi anaeleza maana yake kwa aya nzima. Nilidhani jina la kanga lingefanya kazi ya mapenzi peke yake.

Jibu: Linaweza kuifanya, ukiondoa aya hiyo. Fumbo likishafumbuliwa na msimulizi, kijana hana tena la kufanya. Mwache alisome, alielewe vibaya, na alijibu kwa tendo lisiloendana na maana yake. Msichana akitambua kosa lake na akaamua kutomsahihisha, hapo una sura nzima.

Kalamu ya Pwani: Na kama siku ya pili msichana atavaa kanga nyingine yenye jina linalojibu kosa lile?

Jibu: Iandike leo, kisha unitumie kurasa hizo mbili.