Kumwomba muuzaji akuwekee akiba ya beringi, na nani abebe gharama ya stoo

Karakana yetu inatengeneza mashine za kusaga nafaka. Kila mashine inakula beringi mbili za namba 6308, na ikikosekana moja tu, mashine nzima inakaa sakafuni, rangi imeshakauka na mteja ameshalipa nusu. Tunazinunua kwa mwagizaji wa Dar es Salaam, na mzigo wake unakuja kwa meli. Hivi ndivyo tulivyokubaliana atuwekee akiba.

1. Piga hesabu kabla ya kupiga simu. Ukimwambia "niwekee nyingi kidogo", atakuitikia na hatafanya kitu. Mimi nilifungua daftari la mwaka mzima. Kwa kawaida tunatumia beringi 20 kwa wiki, na msimu wa mavuno zinafika 26. Mzigo wake huchukua wiki 8, ila uliochelewa kuliko yote ulichukua 11. Msimu nauona ukija, kwa hiyo naongeza oda mapema. Nisichokiona ni meli. Basi nikafunika wiki 3 za kuchelewa: 26 × 3 = 78. Tukaandika 80.

2. Tafuta gharama yenyewe iko wapi. Beringi 80 hazijazi hata rafu moja, kwa hiyo akikutajia kodi ya stoo, muulize vizuri. Kinachomuuma ni mtaji uliolala. Kama anaipata kila beringi kwa shilingi 20,000, hapo kuna 1,600,000 zimekaa. Akiwa amekopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, zinamgharimu 288,000, yaani 24,000 kwa mwezi. Nilimwekea hesabu hiyo mezani. Alikuwa ameanza na 100,000 kwa mwezi, akacheka, tukaanza kuzungumza.

3. Chagueni namna ya kulipa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ada ya mwezi, hiyo 24,000. Ya pili ni kuigawa kwenye bei: kwa mwaka tunanunua kama 1,000, kwa hiyo nyongeza ya shilingi 300 kwa kila beringi inatosha. Nilichagua ya pili kwa sababu sitaki invoisi nyingine ya kufuatilia. Udhaifu wake ni kwamba ukinunua chache yeye anaumia, na ukinunua nyingi unamlipa zaidi ya haki yake. Ndiyo maana tuliandika kwamba kila miezi 6 tunaipitia.

4. Andikeni. Ukurasa mmoja unatosha. Kifungu kilichonisaidia kuliko vyote ni hiki:

"Muuzaji atatunza beringi 80 za 6308, chapa ileile tunayonunua, mbali na bidhaa zake za kuuza. Hatamuuzia mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Zikichukuliwa, atazirudisha kutoka mzigo wake unaofuata. Zikipungua bila sisi kuzichukua, nyongeza ya bei inasitishwa mpaka zitimie."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Kwa muuzaji mwingine, miaka ya nyuma, tulikuwa na akiba ya maneno matupu. Mavuno yalipofika, tukakuta ameziuza kwa mtu aliyekuja na pesa taslimu.

5. Kagua, na zizungushwe. Usitosheke na picha ya simu. Mimi hutuma kijana bila taarifa achukue 10. Zikitoka ndani ya saa moja, akiba ipo. Aangalie pia kama boksi zimelala bapa, hazijafunguliwa, na haziko sakafuni jirani na kompresa, maana mtikisiko huacha alama kwenye njia ya gololi hata kabla beringi haijafungwa. Mzigo mpya ukiingia uende kwenye akiba, na wa zamani uje kwetu. Grisi iliyofungiwa ndani ya beringi nayo inazeeka.

Maswali

*Mkuu, mimi kifaa changu ni shafti inayochongwa kwa vipimo vyangu. Naye atakubali bila kuniomba advansi?*

Sidhani, na ana haki. Beringi ya 6308 atamuuzia yeyote nikitoweka. Shafti yako itabaki chuma chakavu. Kubali kununua zilizobaki ukibadilisha mchoro, ila weka ukomo wa idadi. Kama unaweza, akutunzie vyuma vilivyokatwa tu bila kuchongwa, maana hapo hasara ni ndogo kwenu wote.

*Nikilipia zote kabisa ziwe zangu, si ndiyo salama zaidi?*

Bei itashuka, kweli. Lakini akifilisika na mali yake ikashikwa, utaanza kuthibitisha zipi ni zako. Ukilipia, dai risiti na lebo yenye jina lako kwenye kila boksi. Mimi nikishalipia ningezileta kwangu tu, stoo ninayo.

*Sisi tunanunua 15 kwa mwezi. Atatusikiliza kweli?*

Peke yenu ni vigumu, kaka. Ongea na karakana mbili za jirani zinazotumia saizi hiyohiyo, mwende na akiba moja. Ila kubalianeni mapema nani atachukua kwanza zikibaki chache.