Somo: Kuondoa meno ya kitana kwenye kanda za zamani kabla ya kuzigeuza MP4

Wakuu, nimemaliza kuhamisha kanda ya MiniDV ya harusi ya dada. Bi harusi akitulia kitini, picha safi. Shangazi akipunga kanga tu, pindo lake linaota meno kama kitana.

Kisa chake ni hiki. Kamera ya PAL haikuchukua picha nzima kwa mkupuo. Kila sekunde ilichukua nusu-picha 50, moja ya mistari shufwa, inayofuata ya mistari witiri. TV ya chogo ilizionyesha kwa zamu, moja baada ya nyingine. Kompyuta inazishona mbilimbili kuwa picha 25, na kati ya nusu hizo kanga imeshasogea.

Hatua ya 1. Hakikisha ugonjwa. Fungua faili kwenye VLC, nenda Video > Deinterlace > Off, simamisha penye mwendo, kisha bonyeza E usogee picha moja moja. Usipoizima hiyo, VLC inaweza kukufichia meno.

Hatua ya 2. Usibadilishe ukubwa wa picha kwanza. Hapa ndipo wengi tunaharibu.

Hatua ya 3. Jaribu sekunde 10 zenye mwendo:

```
ffmpeg -ss 60 -t 10 -i harusi.dv -vf "bwdif=mode=send_field:parity=bff:deint=all" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac jaribio.mp4
```

`send_field` inaigeuza kila nusu-picha kuwa picha kamili, kwa hiyo unapata 50 kwa sekunde na mwendo unabaki laini. `bff` maana yake nusu ya chini ndiyo inayotangulia, na DV iko hivyo. Mimi mara ya kwanza niliweka `tff`: shangazi akawa anakwenda mbele, anarudi nyuma, anatetemeka kama ana homa. Ukiona hivyo, badilisha herufi hizo tu.

Hatua ya 4. Likikaa sawa, toa `-ss 60 -t 10`, weka jina jipya la faili, uache ifanye kazi. Faili la DV usilifute.

Maswali ya wadau

*Mkuu, yangu ni VHS, nimeipitisha kwenye kidude cha USB. Nayo bff?*
Mara nyingi hivyo vidude hutoa `tff`. Jaribu zote mbili, macho yatakuambia.

*Fundi alishanipa faili la 720p lenye meno. Linatibika?*
Hapana, ndugu. Mistari ya nusu mbili imeshachanganywa wakati wa kukuza, hakuna tena cha kutenganisha. Rudi kwenye kanda.

*Picha zikiwa 50, sauti haitaachana na midomo?*
Haiachani. Picha zinaongezeka, muda ni uleule.

*Na filamu ya sinema niliyoirekodi kwenye TV?*
Kagua kwanza kwa hatua ya 1. Kwenye PAL, nusu zote mbili za filamu mara nyingi hutoka kwenye picha moja. Usipoona meno penye mwendo, usiiguse.