Ujumbe wa baada ya simu ya kwanza: namna ya kuuandika ili mteja asogee kwenye ndiyo

Mara nyingi mwenye kauli ya mwisho juu ya hela hakuwepo kwenye simu. Wewe umeongea dakika 30 na mtu mmoja, mmeelewana vizuri, kisha usiku yeye anakwenda kumweleza mume, kaka au mbia wake kwa sentensi mbili. Ujumbe wako unapaswa kufanya kazi hiyo ya kueleza. Mimi nauza mfumo wa stoku na mauzo kwa maduka ya dawa, na kila ninapoandika ujumbe huu namwandikia yule ambaye sijawahi kuisikia sauti yake.

Nitatumia mfano wa mama mmoja wa Mwanza mwenye maduka matatu ya dawa, moja likiwa Nyakato, ambaye kauli ya mwisho juu ya hela iko kwa kaka yake. Jina lake naliacha, na tarakimu nimezibadilisha kidogo ili asitambulike.

Hatua ya 1: Kusanya vitu vinne kabla simu haijakatika

Ujumbe mzuri huanzia kwenye simu yenyewe. Kabla ya kuagana hakikisha daftarini una maneno ya mteja kuhusu shida yake, yaleyale aliyoyatamka. Kiasi anachopoteza, akitaja yeye. Nani mwingine lazima akubali. Na kwa nini anataka hili sasa, si mwakani.

Kiasi ndicho kinachosumbua zaidi. Wauzaji wengi hukikisia wenyewe, halafu mwenye hela anauliza, "Hii namba imetoka wapi?" na mazungumzo yanafia hapo. Muulize mteja: "Mara ya mwisho ulipohesabu, dawa zilizoisha muda zilikuwa za kiasi gani?" Yule mama alijibu Sh 1,850,000 kwa maduka yote matatu, na dawa zenyewe alikuwa amezitenga zikisubiri kuteketezwa kwa utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Namba hiyo ni yake, na kaka yake anaweza kwenda stoo kuitazama.

Kama simu imeisha na huna hata shida moja aliyoitaja mwenyewe, usiandike ujumbe wa muhtasari. Omba dakika 10 nyingine.

Hatua ya 2: Tuma siku hiyohiyo, kabla hajafunga duka

Simu ya saa 8 mchana, ujumbe wangu unafika saa 11 jioni. Mazungumzo ya nyumbani hufanyika usiku ule, na ukichelewa hadi kesho yatafanyika bila wewe. Ninatuma kwa WhatsApp kama maandishi ya kawaida, kwa sababu maandishi yanasomeka na kusambazwa palepale. Kiambatisho hubaki hakijafunguliwa, hasa kwa mtu mwenye bando dogo.

Hatua ya 3: Anza na hali yake, bidhaa yako isubiri

Zamani nilikuwa naandika hivi: "Asante kwa muda wako. Kama tulivyozungumza, mfumo wetu una sehemu ya stoku, mauzo na ripoti. Nimeambatanisha profoma. Karibu kwa swali lolote." Jibu lilikuwa lilelile kila mara: "Sawa, nitaangalia." Mteja hakuwa na la kuamua, maana sikuwa nimemwomba aamue chochote.

Huu ndio niliomtumia yule mama:

> Shikamoo mama. Asante kwa maongezi ya leo. Nimeyaandika haya ili wewe na kaka muwe na kitu kimoja cha kusoma. Nikikosea mahali, nirekebishe.
>
> Ulivyonieleza: kila duka linakutumia mauzo usiku, nawe unayaandika daftarini. Hakuna anayejua dawa ipi inakaribia kuisha muda mpaka Jumapili ya kuhesabu. Ulisema, "Nagundua imeisha muda nikiwa nimeishika mkononi." Hesabu ya mwisho ilikuachia dawa za Sh 1,850,000 zisizouzika.
>
> Unachotaka: upate taarifa siku 90 kabla, ili dawa uihamishie duka linalouza haraka. Na hili likae sawa kabla hujafungua duka la nne mwezi wa saba.
>
> Kinachokutia wasiwasi: mtandao kukatika Nyakato. Hilo sitaki kulijibu kwa maneno, tulijaribu mkiwa mnaona.
>
> Napendekeza: Alhamisi saa 4 asubuhi nije Nyakato na kompyuta yangu kwa dakika 40, kaka akiwepo. Uniandalie orodha ya dawa 50, nusu zinazotoka sana na nusu zinazolala, pamoja na tarehe zake. Tutaziingiza, tutazima intaneti, tutauza. Ikifanya kazi, siku hiyo tunapanga lini tuanze na duka moja kwa mwezi mmoja, kwa Sh 60,000 niliyokutajia. Isipofanya kazi tunaishia hapo, na hudaiwi kitu.
>
> Alhamisi saa 4 itamfaa kaka?

Hatua ya 4: Wasiwasi wake uutaje wewe

Hapa ndipo wengi huogopa. Wanaona kwamba kutaja mtandao kukatika ni kumkumbusha mteja sababu ya kukataa. Lakini yeye hajausahau, na kaka atauliza hilo kabla ya mengine yote. Akiukuta umeandikwa na muuzaji mwenyewe, pamoja na namna ya kuujaribu, unakuwa kazi ya Alhamisi badala ya sababu ya kukataa. Taja mmoja, ule mkubwa. Ukipanga matano utakuwa umewaandikia orodha ya kukataa.

Hatua ya 5: Pendekeza hatua moja yenye siku, saa na kazi kwa kila upande

Kazi ya mteja iwe ndogo, ila iwepo. Ile orodha ya dawa 50 inamchukua nusu saa, na akiiandaa najua shida inamuuma kweli. Dawa zinazolala nilizitaka makusudi, kwa sababu ndizo zinazoisha muda rafuni, na onyo la siku 90 litaonekana kwenye dawa zao wenyewe.

Sema pia kitakachoamuliwa siku hiyo. Onyesho lisilo na uamuzi mwishoni huzaa onyesho jingine. Kuhusu bei, kama mliitaja kwenye simu irudie ileile. Kama hamkuitaja, usiichomeke hapa kwa mara ya kwanza. Mwenye hela ataisoma peke yake bila mtu wa kumweleza inatokana na nini.

Malizia kwa swali linalojibika kwa neno moja. "Unaonaje?" linahitaji insha. "Itamfaa kaka?" linahitaji ndiyo, au siku nyingine.

Hatua ya 6: Soma jibu vizuri

Mteja akikurekebisha, furahi: "Si usiku, wanatuma asubuhi" ni ishara kwamba amesoma hadi ndani. Akisema "nitaangalia" bila kugusa tarehe, huenda hukuigusa shida yake, au aliyekaa na hela hajaambiwa. Muulize wazi: "Kaka ameuona? Kuna kinachomtatiza?"

Akinyamaza, mimi husubiri siku mbili za kazi. Sitaandika "nakumbusha tu." Naongeza kitu kinachohusu shida yake, kwa mfano karatasi ya mistari ya kuorodhesha tarehe za kuisha muda kwa mkono, anayoweza kuitumia hata asiponunua, kisha narudia swali la siku. Nikituma mara mbili bila jibu, napiga simu.

Yule mama alijibu saa 3 usiku: "Kaka anauliza hiyo 1,850,000 ni ya Nyakato peke yake au yote matatu." Nilimjibu kwa mstari mmoja, "Yote matatu, mama, kwa hesabu uliyonipa," kisha nikauliza tena kuhusu Alhamisi. Akasema kaka anaweza Ijumaa.