Somo: Kukadiria pato linalopotea ukosefu wa ajira unapopanda, kwa kanuni ya Okun

Habari zenu. Leo tunafanya hesabu moja tu, ila tunaifikisha mwisho: kiwango cha ukosefu wa ajira kimepanda, je, nchi imepoteza pato kiasi gani? Wengi mnaosoma uchumi hapa Dar mnaijua kanuni ya Okun kwa mstari mmoja, kwamba ukosefu wa ajira ukiongezeka pointi 1 pato hupungua asilimia 2. Mnazidisha, mnaandika jibu, mnahamia swali lingine. Ukiulizwa pato hilo limepungua kutoka wapi, unakwama. Hapo ndipo nataka tukae leo.

Arthur Okun alikuwa mchumi wa Kimarekani, na alifanya kazi na Baraza la Washauri wa Uchumi wakati wa Rais Kennedy. Mwaka 1962 alionyesha kwamba kila pointi 1 ya ukosefu wa ajira juu ya asilimia 4 iliendana na upungufu wa karibu asilimia 3 ya pato la Marekani. Takwimu za miaka ya baadaye, za nchi hiyohiyo, ziliishusha namba hiyo hadi karibu 2. Kwa hiyo tunaiita kanuni, lakini ni uhusiano uliosomwa kwenye takwimu. Namba yake inahama.

Mfano wetu ni Marekani mwaka 2009, baada ya msukosuko wa mabenki. Nimeuchagua kwa sababu kule ajira hupimwa kila mwezi, na kupanda kwenyewe kulikuwa kukubwa: wastani wa mwaka 2008 ulikuwa asilimia 5.8, wa mwaka 2009 ukawa asilimia 9.3.

Hatua ya 1: Amua unalinganisha na nini

Hata uchumi ukiwa na afya, wapo watu wasio na kazi: aliyemaliza chuo juzi, aliyeacha kazi akitafuta nyingine. Kiwango hicho cha kawaida tukiite u*. Pato ambalo nchi ingezalisha ikiwa kwenye kiwango hicho tuliite Y*, yaani pato la uwezo kamili. Hakuna anayelipima Y* moja kwa moja, linakadiriwa. Kwa Marekani ya wakati ule, u* ya asilimia 5 ni makadirio ya kawaida, nasi tutaitumia.

Hatua ya 2: Toa, na ubaki kwenye pointi

9.3 kutoa 5 ni pointi 4.3. Usiandike kwamba ukosefu wa ajira umezidi kwa "asilimia 86" kwa kugawanya 4.3 kwa 5. Kanuni inataka pointi. Ukiingiza 86 utapata pato lililopotea ambalo ni kubwa kuliko pato lenyewe, na hiyo ni dalili tosha kwamba umepotea njia.

Hatua ya 3: Zidisha

```
(Y* - Y) / Y* = c × (u - u*)
              = 2 × 4.3
              = 8.6%
```

Herufi c ndiyo namba ya Okun. Hili ndilo pengo la pato: mwaka 2009 Marekani ilizalisha pungufu kwa asilimia 8.6 ya uwezo wake.

Hatua ya 4: Geuza kuwa fedha

Hapa ndipo wengi huteleza. Asilimia 8.6 ni ya Y*, pato ambalo halikutokea. Pato lililotokea, Y, lilikuwa takriban dola trilioni 14.5, nalo ni asilimia 91.4 ya uwezo. Kwa hiyo unagawanya:

```
Y*  = 14.5 / 0.914 = 15.86
Y* - Y = 15.86 - 14.5 = 1.36
```

Pato lililopotea ni takriban dola trilioni 1.36 kwa mwaka mmoja. Ukizidisha 14.5 kwa 0.086 unapata 1.25, na tofauti hiyo ni zaidi ya dola bilioni 100.

Hatua ya 5: Ihoji namba 2

Usifunge daftari. Kanuni ina sura ya pili, ya mabadiliko, na hiyo inatusaidia kuikagua ile ya kwanza:

```
ukuaji wa pato = ukuaji wa kawaida - c × (badiliko la u)
```

Tuchukue ukuaji wa kawaida wa asilimia 2.5 kwa mwaka. Ukosefu wa ajira ulipanda kutoka 5.8 hadi 9.3, yaani pointi 3.5. Kwa c ya 2, pato halisi lilitakiwa kukua kwa 2.5 kutoa 7, maana yake lisinyae kwa asilimia 4.5. Kilichotokea ni kusinyaa kwa takriban asilimia 2.6. Watu walipoteza kazi kwa wingi kuliko pato lilivyoporomoka.

Sasa geuza hesabu. Kutoka ukuaji wa kawaida wa 2.5 hadi kushuka kwa 2.6 kuna umbali wa 5.1. Gawanya kwa 3.5 unapata karibu 1.5. Hiyo ndiyo c iliyojionyesha mwaka ule. Irudishe kwenye hatua ya 3: 1.5 mara 4.3 ni asilimia 6.45. Y* inakuwa 14.5 gawanya kwa 0.9355, sawa na 15.5, na hasara inakuwa dola trilioni 1.0.

Mwaka mmoja hautoshi kuikataa 2, lakini unatosha kukuzuia usiandike 1.36 kana kwamba umeipima kwa mizani. Mimi ningeandika hivi: "kati ya dola trilioni 1.0 na 1.4, kwa kudhani kiwango cha kawaida ni asilimia 5". Dhana lazima iandikwe, kwa sababu ukiisogeza u* kwa nusu pointi tu, na c ikiwa 2, pengo linahama kwa asilimia 1 nzima ya pato.

Maswali yenu sasa.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini ni 2 na si 1? Mfanyakazi mmoja kati ya mia akikosa kazi, pato lingeshuka kwa asilimia moja tu, au hata chini ya hapo.

Marahaba. Swali hili Okun mwenyewe alilishughulikia, na jibu ni kwamba mtu anayefukuzwa kazi ndiye dalili ya mwisho. Chukua karakana ya samani pale Keko yenye mafundi kumi. Oda zikipungua, bosi hafukuzi siku hiyohiyo. Kwanza anafuta ovataimu. Kisha anawaruhusu mafundi saa nane mchana badala ya saa kumi na moja. Fundi wake mzuri wa kuchonga anabaki analipwa huku akipiga msasa vitanda ambavyo havina mteja, maana bosi anajua akimwachia hatampata tena oda zikirudi. Ndipo mwishoni anamwachisha mmoja. Takwimu zinasema ajira imepungua kwa asilimia 10, wakati vitanda vinavyotoka mlangoni vimepungua kwa asilimia 20 au zaidi. Ongeza na wale wanaokata tamaa wakaacha kutafuta kazi: hao hawahesabiwi tena kama wasio na ajira, ila pato lao halipo. Kwa hiyo pointi 1 inabeba nyuma yake saa zilizopunguzwa, tija iliyoshuka na watu waliotoka kwenye nguvukazi.

Mwaka 2010 ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa 9.6. Umepanda kwa 0.3 tu, kwa hiyo hasara ya 2010 ni 0.6, sivyo?

Hapana, na nashukuru umeuliza, kwa sababu kosa hili linaonekana safi kabisa kwenye karatasi. Ile 0.6 inakuambia, kwa makadirio ya kanuni, ukuaji wa mwaka 2010 ungekuwa chini ya kawaida kwa kiasi gani. Haikuambii pengo ni kubwa kiasi gani. Watu waliopoteza kazi mwaka 2009 na bado wako nyumbani mwaka 2010 wanaendelea kutozalisha. Kwa pengo unarudi kwenye u*: 9.6 kutoa 5 ni 4.6, mara 2 ni asilimia 9.2. Ukitaka hasara ya miaka yote miwili, kokotoa pengo la kila mwaka kwa dola halafu ujumlishe. Swali likisema "hasara kutokana na kupanda kwa ukosefu wa ajira kati ya mwaka huu na ule", hapo ndipo unatumia badiliko. Soma swali mara mbili kabla hujachagua sura ya kanuni.

Dada, je, namba hii inafanya kazi kila nchi tajiri?

Hapana. Mwaka huohuo wa 2009 pato la Ujerumani lilianguka kwa zaidi ya asilimia 5, lakini ukosefu wa ajira haukupanda hata pointi moja kamili. Viwanda vilipunguza saa za kazi, na serikali ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Ukikadiria hasara ya Ujerumani kwa kuangalia ajira peke yake na c ya 2, utaona karibu hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kabla hujazidisha, uliza: nchi hii mwajiri akibanwa, anapunguza watu au anapunguza saa?

Na Tanzania? Naandika ripoti ya chuo, nataka kutumia kanuni hii kwa mwaka 2020.

Ukuaji wetu ulishuka kutoka asilimia 7.0 mwaka 2019 hadi 4.8 mwaka 2020, kwa hiyo mshtuko ulikuwepo. Lakini Okun hatakufikisha mbali, kwa sababu mbili.

Kwanza, takwimu. Kati ya mwaka 2000 na 2021 tafiti kubwa za nguvukazi zilifanyika 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Nukta nne zilizoachana miaka mingi hazitoshi kukupa c inayoaminika, na kuazima 2 ya Wamarekani ni kubahatisha.

Pili, na hii ni nzito zaidi, ni namna mtu wetu anavyokosa kazi. Yule fundi wa Keko aliyeachishwa hawezi kukaa nyumbani akisubiri. Wiki hiyohiyo yuko kwenye bodaboda, au anauza matunda Kariakoo. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya wiki ya utafiti anahesabiwa ameajiriwa. Kipato chake kimekatika nusu, pato la nchi limepungua, na kiwango cha ukosefu wa ajira hakijatikisika.

Kwenye ripoti yako anza na pato lenyewe: linganisha ukuaji wa 2020 na mwenendo wa miaka iliyotangulia, upate pengo bila kupitia ajira. Kisha upande wa kazi tumia saa zilizofanywa na kipato cha waliojiajiri, pale tafiti zinapovitoa. Ukitaka kumtaja Okun, mweke kwenye sehemu ya mbinu, ueleze kwa nini hukumtumia.