Kabla hujajenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo: piga hesabu mara mbili, ya udongo mkavu na ya udongo uliolowa

Huku Mbeya ukinunua kiwanja mteremkoni unanunua na ukuta. Unakata mlima upate tambarare ya nyumba, nyuma inabaki kingo ya udongo, na mawe hayako mbali. Fundi anakuja, anapima kwa macho, anasema "msingi mita moja unatosha." Mkatalie. Kuta za namna hii husimama kwa uzito wake tu, hazina nondo wala kitu kingine cha kuzishika, kwa hiyo upana wa chini ni kitu cha kupigia hesabu, si cha kukisia.

Pima kimo kutoka chini kabisa ya msingi, si kutoka uani. Udongo unasukuma hadi huko chini. Ukiona ukuta wa mita mbili na nusu na msingi umezama nusu mita, ukuta wako ni wa mita 3.

Angalia kilichopo juu ya kingo. Gari, tanki la maji, tofali zilizopangwa, na hasa mlima unaoendelea kupanda nyuma ya ukuta, vyote vinaongeza msukumo. Mfano ninaoutoa hapa ni wa udongo uliolala sawa usio na mzigo juu. Kwako kukiwa na mteremko, namba zangu usizichukue kama zilivyo.

Jua udongo wa chini ya msingi. Ukichimba ukakuta changarawe safi, msuguano kati ya zege la msingi na ardhi huchukuliwa kama 0.55 ya uzito. Changarawe yenye vumbi la tope, 0.45. Tope lenyewe, 0.35. Wengi hupuuza tofauti hii, halafu ndiyo inayoamua kila kitu.

Sasa hesabu. Ukuta wetu una kimo cha mita 3, juu una upana wa mita 0.6, chini mita 1.8. Mgongo unaogusa udongo umesimama wima, uso wa mbele umelala kidogo. Tunahesabu kwa kila mita moja ya urefu. Mawe na mota tunayapa kilonewtoni 22 kwa mita ya ujazo, udongo wa nyuma 18, na pembe ya msuguano wa udongo nyuzi 30. Kama kilonewtoni zinakupa shida, kumi ni karibu tani moja.

Msukumo wa udongo unatokana na namba moja, Ka = (1 − sin 30°)/(1 + sin 30°), ambayo hapa ni theluthi moja. Msukumo wote ni nusu ya Ka mara uzito wa udongo mara kimo mara kimo: 0.5 × 1/3 × 18 × 3 × 3 = kilonewtoni 27. Unasukuma kwenye theluthi ya chini, yaani mita 1 juu ya kitako cha msingi.

Uzito wa ukuta tunaugawa vipande viwili. Kipande cha mstatili upande wa mgongo ni 0.6 × 3 × 22 = 39.6. Pembetatu ya mbele ni 0.5 × 1.2 × 3 × 22 = 39.6 vilevile. Jumla 79.2.

Kuteleza: msuguano ni 0.55 × 79.2 = 43.6. Gawa kwa 27 unapata 1.61. Tunataka 1.5 au zaidi, umepita. Udongo ulio mbele ya msingi siuhesabu kamwe, kwa sababu kesho mtu atakuja kuchimba mtaro wa bomba hapohapo.

Kupinduka: fikiria ukuta unazungukia ncha ya mbele ya msingi. Mstatili uko mita 1.5 kutoka ncha hiyo, pembetatu mita 0.8. Kwa hiyo uzito unaurudisha ukuta kwa 39.6 × 1.5 + 39.6 × 0.8 = 91.1. Udongo unaupindua kwa 27 × 1 = 27. Uwiano ni 3.37 na tunataka 2. Umepita kwa raha.

Ardhi ya chini: toa 27 kwenye 91.1, gawa kwa 79.2, unapata 0.81. Hapo ndipo mzigo wote unapotua, mita 0.81 kutoka ncha ya mbele. Katikati ya msingi ni 0.9, kwa hiyo mzigo umesogea mbele sentimita 9 tu. Mradi usizidi sentimita 30, yaani sehemu ya sita ya upana, msingi wote unabaki umekandamiza ardhi. Mbele inabeba kilonewtoni 57 kwa kila mita ya mraba, nyuma 31. Ardhi ya pale tuliikadiria kubeba 100. Umepita.

Hesabu hii niliipiga mimi mwenyewe, kwa kalamu, kwa ajili ya ukuta wa jirani yangu. Nikafurahi, tukajenga mwezi wa 10, ardhi kavu kabisa. Tulipitisha mabomba ya plastiki ya inchi tatu ya kutolea maji, kila baada ya mita moja na nusu. Nyuma tulijaza udongo uleule mwekundu tuliouchimba, kwa sababu ulikuwepo na kokoto zilihitaji lori. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili lilikuja mvua za kwanza zilipoanza: mabomba yakawa yanatema maji ya rangi ya chai kwenye uso wa ukuta uliokwisha kupigwa lipu. Mwenye nyumba akalalamika, "Fundi, ukuta wangu unachafuka." Nikamwambia saidia fundi ayazibe kwa mota. Dakika ishirini, kazi imekwisha, lipu imebaki safi.

Mwezi wa 3 ilinyesha siku tatu mfululizo, mvua ya huku ile isiyo na haraka. Asubuhi ya nne napigiwa simu. Nilikuta ukuta umesimama wima, haukuanguka hata jiwe moja, ila wote, kwa urefu wa mita kumi na kitu, umesogea mbele karibu sentimita arobaini. Udongo wa mbele umevimba kama mkate, nyuma kuna ufa unaoingia mguu. Jiko lilikuwa mita tatu mbele yake. Mama mwenye nyumba alikuwa ndani anawasha mkaa.

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile karatasi. Nikauliza swali nililopaswa kuliuliza mwezi wa 10: maji yakijaa nyuma hadi juu, inakuwaje?

Udongo uliozama kwenye maji unapungua uzito, kutoka 18 hadi kama 10, kwa hiyo msukumo wake unashuka hadi 15. Watu wengi hudhani hiyo ni nafuu. Lakini maji yenyewe hayapunguzwi na Ka, hayana msuguano wa ndani, yanasukuma yote: 0.5 × 10 × 3 × 3 = 45. Jumla 60. Zaidi ya mara mbili ya kile nilichokihesabu, bila udongo kuongezeka hata koleo moja.

Kuteleza: 43.6 kwa 60 ni 0.73. Chini ya moja maana yake hakuna mjadala, ukuta unaondoka. Kupinduka: 91.1 kwa 60 ni 1.52, haifiki 2 lakini bado iko juu ya moja. Ndiyo maana ulisogea ukiwa wima. Na ardhi: mzigo unatua mita 0.39 tu kutoka ncha ya mbele, theluthi ya nyuma ya msingi inaachia ardhi, na ncha inakandamiza kwa karibu 135, wakati tuliipa 100. Kipimo kimoja kinaanguka na viwili vinavuka mpaka, vyote kwa bomba la plastiki lililozibwa.

Na hapo bado sijaweka maji yanayopenya chini ya msingi na kuuinua. Yakipenya kwa ukamilifu yanapunguza uzito kwa 27, na hata kupinduka kunashuka hadi 0.99. Ukuta ule ulisimama baada ya sentimita arobaini kwa sababu ufa ulifunguka na maji yakapata pa kutokea. Si ufundi wangu uliouzuia.

Usijidanganye kwamba ukuta wako hautajaa hadi juu. Nilipiga pia maji yakifika nusu ya kimo: msukumo ni 35, na kuteleza kunashuka hadi 1.24. Bado umesimama, lakini akiba yote imeliwa.

Kwa hiyo, kabla hujanunua mawe, weka bei ya kokoto za nyuma ya ukuta. Sentimita 30 za unene, kutoka chini hadi karibu na juu, na kitambaa cha kuchujia kati yake na udongo ili tope lisizibe. Juu kabisa funika kwa udongo mgumu ulioshindiliwa, na chimba mfereji nyuma yake upeleke maji ya mlimani pembeni. Mstari wa chini wa mabomba uwe mara tu juu ya uwanja wa mbele, yakiinamia nje. Kwenye mfano wetu maji yatabaki chini ya hapo kama sentimita 60, na msukumo wake haufiki kilonewtoni 2. Hayo unaweza kuishi nayo. Mwenye nyumba akichukia madoa, mpe mfereji mdogo chini ya mabomba, usimpe mota.

Ule wa jirani tuliubomoa na kuujenga upya, kwa gharama yangu. Safari hii chini ya msingi tuliacha jino la zege la kushika ardhi dhidi ya kuteleza, lakini sikuliingiza kwenye hesabu ili kupunguza upana.

Ukuta ukizidi mita 3, au mlima ukiendelea kupanda nyuma yake, tafuta mhandisi aliyesajiliwa. Kuna tetemeko pia, tuko kwenye Bonde la Ufa, na hesabu hii haina tetemeko ndani yake. Kuna udongo wa majivu ya volkano kama ule wa upande wa Rungwe, ambao namba zake si hizi nilizotumia. Usimwage kifusi nyuma kwa mpigo, jaza tabaka kwa tabaka, na usilete mashine nzito ya kushindilia karibu na mgongo.

Na kila baada ya mvua kubwa nenda kayatazame mabomba. Yakitiririka, rudi ukalale. Ikiwa mlima umelowa chapachapa na mabomba ni makavu, chukua nondo uyazibue siku hiyohiyo, na kabla ya hapo watoe watu walioko mbele ya ukuta.