Somo: Nimelipa mwaka mzima, mbona deni halishuki?

Tuchukue mkopo wa 1,000,000 wa kununulia mashine, riba 2% kwa mwezi, marejesho sawa kwa miezi 60. Shika kalamu tufuatane.

Hatua ya 1: Pata rejesho la mwezi. Kwenye Excel andika:

```
=PMT(0.02,60,-1000000)
```

Utapata 28,768.

Hatua ya 2: Toa riba kwanza. Riba ya mwezi hupigwa kwenye salio la deni. Mwezi wa kwanza bado unadaiwa milioni nzima, kwa hiyo riba ni 20,000. Kwenye 28,768 yako zinabaki 8,768, na hizo tu ndizo zinazopunguza deni. Salio jipya ni 991,232.

Hatua ya 3: Rudia kwa salio jipya. Mwezi wa pili riba ni 19,825, deni linapungua kwa 8,943. Yaani umelipa rejesho zima, na riba imeshuka kwa 175 tu! Hapa ndipo wengi wanahisi wamedhulumiwa. Lakini hesabu ni ileile kila mwezi: deni likiwa kubwa, riba yake ni kubwa, na rejesho halibadiliki.

Endelea hadi mwezi wa 12. Utakuwa umetoa 345,216, na kati ya hizo 227,619 ni riba. Salio bado ni 882,403. Anayepanga kuuza mashine mwaka wa kwanza ili afunge mkopo aiangalie namba hiyo kwanza. Ni mwezi wa 26 ndipo sehemu inayokwenda kwenye deni inaizidi riba, kidogo sana. Rejesho la mwisho lina riba ya 564 tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, muda ukiwa mfupi inakuwaje?*
Kwa miezi 24 rejesho linapanda hadi 52,871. Riba ya mwezi wa kwanza ni 20,000 ileile, ila 32,871 zinaingia kwenye deni. Muda mrefu ndio unaofanya marejesho ya mwanzo yaliwe na riba. Pima kwanza kama mauzo ya mwezi mbaya yanaweza kubeba rejesho hilo.

*Nikipata 50,000 za ziada mapema, nilipe?*
Ukiziongeza pamoja na rejesho la kwanza la ule mkopo wa miezi 60, na rejesho likabaki 28,768, utamaliza miezi 5 mapema. Lakini waombe wakopeshaji kwa maandishi zipunguze deni lenyewe. Wasipoelewa hivyo wanaweza kuzihesabu kama rejesho la mwezi ujao, na faida yote ikapotea. Uliza pia kama kuna faini ya kulipa mapema.

*Jedwali langu linaonyesha riba 20,000 kila mwezi, hadi mwisho. Ni sawa?*
Huo ni mkopo wa aina nyingine, ndugu yangu. Riba yako inapigwa kwenye kiasi ulichokopa mwanzo, hata deni likishapungua. Kwa miezi 60 rejesho lake ni 36,667, karibu 7,900 zaidi kila mwezi, ingawa mikopo yote miwili imeandikwa "2%". Ukitaka kuitofautisha kabla ya kusaini, tazama kama riba ya mwezi wa pili imeshuka.